Oda ya mashati ya hoteli: pamba tupu, vifungo vya kutoka, kola ya kugeuzwa. Mafundi nisaidieni

FundiKisauni
Asalam aleikum jamaa wa charahani. Nimepata oda ya hoteli moja huku Nyali, mashati ya mikono mifupi ya wahudumu wa mgahawa, sitini kwa kuanzia, na yule dada anayesimamia yunifomu ana masharti sijapata kuyasikia kwa mteja. Ataka kitambaa cha pamba tupu. Kila kisichokuwa pamba kiwe chatoka bila kuikata nguo. Kola ikichakaa irekebishwe shati lirudi kazini, wakibadilisha rangi ya yunifomu mashati yayo hayo yatumbukizwe rangi mpya, na yakizeeka kabisa yakatwe matambara ya jikoni na ya kupangusia glasi, manake asema yale ya zamani ya mchanganyiko yalikuwa hayanyonyi maji, yanayasukuma tu juu ya glasi.

Kitambaa nishapata sampuli mtaa wa Biashara, muuzaji aniapia ni pamba asilimia mia. Kinachonitatiza ni uzi, kile kitambaa cha gundi cha kupiga pasi ndani ya kola, na vifungo. Dobi lao lafua kwa maji moto na jiki, na lina ile presi kubwa. Mwenye ujuzi aniambie nianzie wapi.

NyuziAsilia
Dadangu hapo jibu ni moja tu, kila kitu kiwe pamba. Uzi pamba, lebo pamba, vifungo weka vya kifuu cha nazi. Ukishonea uzi wa polista hata kama kitambaa ni pamba safi ushaharibu, hiyo nguo si ya nyuzi moja tena na haiwezi kurudi kuwa uzi wala kuoza ardhini. Watu wengi wanadanganywa hapo, wanaangalia kitambaa wanasahau mshono.

BeloLaKongowea
Sista kama ni mashati ya pamba nitafute Kongowea, niko na belo za mashati ya wanaume, kamera tupu, yaani daraja la kwanza, yana lebo zake. Sitini ya rangi moja ndio sikuahidi lakini nyeupe nyeupe tutazikusanya polepole kila nikifungua belo.

FundiKisauni
Kaka shukran lakini nashona mapya, na yatakiwa yote sawa.

BeloLaKongowea
Sawa sista, nikadhani wanunua. Lakini nitakaa hapa nisome, juu mimi ndio naona mwisho wa hizi nguo, zile zisizouzika. Wenye gereji hununua ya pamba ya kupangusia oili, ya polista hawataki hata bure.

MamaLineni
Mwanangu FundiKisauni, mimi nimekaa chumba cha nguo cha hoteli kule kusini mwa pwani mpaka nikastaafia hapo, kwa hiyo haya ya dobi nayajua. Kabla hujafika kwenye uzi, hicho kitambaa umekipima au umeamini kiapo cha duka?

Chukua kipande, utoe katikati ya kitambaa, si ukingoni mwa jora, sababu ukingoni mara nyingi hutiwa nyuzi nyingine za kushikilia. Chomoa nyuzi za urefu ufanye kamsokoto kadogo, na za upana ufanye kengine, usizichanganye. Choma kila kamoja peke yake juu ya sahani kwa kibanio. Pamba yashika moto mara moja, yanuka karatasi, ukizima moto kule nchani kunabaki kaa jekundu linatembea, na jivu lake ni laini la kijivu, ukilipuliza larukaruka. Polista yaukimbia moto kwanza, yajikunja, yayeyuka, yatoa moshi mweusi na mwisho wabaki na shanga ngumu haivunjiki kwa vidole. Mchanganyiko ndio wakanganya watu kwa vile washika moto kama pamba, lakini lile jivu ukilifinya wasikia vichanga vigumu ndani.

Na moto hautakwambia kama ni pamba au viskosi, ile ya kutengenezwa kiwandani kwa mbao, zote mbili zanuka karatasi. Hapo wachukua uzi mmoja uulowe maji uuvute. Viskosi ikilowa yakatika kirahisi, pamba hailegei hivyo. Fanya kisha uje.

FundiKisauni
Bi, nimefanya sasa hivi. Nyuzi za urefu zimekuwa jivu kabisa. Za upana zimeacha shanga nyeusi! Na nikivuta uzi mmoja wa upana warudi kama mpira kidogo.

MamaLineni
Basi hiyo ni pamba upande mmoja na upande wa pili kuna polista, na hiyo inayorudi ni laikra. Rudisha. Laikra hata ikiwa kidogo jiki yaila, baada ya miezi shati lafanya mawimbi mgongoni na hakuna fundi wa kulirekebisha. Na haiwezi kufumuliwa ikatoka manake imefumwa ndani kwa ndani. Kifungo wakitoa, zipu waitoa, hiyo huitoi.

FundiKisauni
Wallahi nashukuru. Nitaenda kwa mwingine na kiberiti mkononi.

KijanaWaChangamwe
Haha usiwashe dukani dada, omba sampuli ukachomee nje.

Niseme kwenye uzi. Mimi niko kwenye laini ya kushona, viwanda vya nguo vya kuuza nje, sitataja. NyuziAsilia asema kweli nusu. Pigeni hesabu. Shati kama hilo latumia uzi wa mita mia na thelathini hivi. Uzi mwembamba wa shati, kilomita nzima yake ina uzito wa gramu ishirini na nne au hapo karibu. Kwa hiyo mita mia na thelathini ni kama gramu tatu. Shati lenyewe gramu mia mbili na ishirini. Hiyo ni kama asilimia moja na nukta tatu au nne. Ule mwongozo wa jinzi wa wakfu wa Ellen MacArthur kule Uingereza, ulioanza 2019, wasema nyuzi zitokanazo na mimea ziwe angalau asilimia 98 ya uzito wa kitambaa chote cha nguo, hawakusema mia. Kwa hiyo polista kwenye mshono pekee yapita, ila sasa ukiongeza lebo ya polista na kitambaa cha gundi kwenye kola umeshavuka mpaka.

NyuziAsilia
Mpaka wa nani? Huo ni mwongozo wa jinzi za wazungu. Mimi naongelea nguo ikizikwa shambani, ile polista yabaki.

KijanaWaChangamwe
Yabaki ndio, sikatai. Lakini yeye hazikwi shati, anakata tambara. Tambara la glasi lenye mshono wa polista pembeni halijali. Swali ni nguo yaenda wapi mwisho wake, halafu ndio wachagua uzi.

MamaLineni
Kwake yeye uzi una kazi nyingine ambayo hamjaigusa, nayo ni kutia rangi. Kama shati jeupe limeshonwa kwa polista, siku wanataka buluu ya bahari, wakilitumbukiza kwenye ile rangi ya pamba ya chumvi na magadi, kitambaa chachukua rangi, uzi hauchukui. Watoa shati la buluu lenye mishono myeupe kila mahali, kola, mfuko, matundu ya vifungo yote yameng'ara. Wengine wapenda, yaonekana kama urembo. Lakini kwa yunifomu yule meneja atakwambia mbona haya yatofautiana na yale mapya.

Uzi wa pamba wachukua rangi pamoja na nguo. Lakini nao una gharama zake. Ni dhaifu kuliko polista wa unene uleule, na jiki yaudhoofisha zaidi kila wiki. Kwapani ndipo watakapoanza kuachia. Mimi binafsi naona afadhali mshono uachie kuliko kitambaa kichanike, mshono warudiwa dakika mbili.

FundiUshonaji_Likoni
Hapo kwa mshono kuachia kabla ya kitambaa, kuna mafundi wanasema uzi wa polista wakata kitambaa cha pamba kama msumeno. Nimesikia tangu najifunza.

KijanaWaChangamwe
Mi nasikia pia lakini sijaona ushahidi, mashati ya pamba yaliyoshonwa kwa uzi wa polista yako miaka na miaka hayajakatika. Kinachokata ni mishono midogo sana. Ukishona kumi na sita kwa inchi umetoboa kitambaa kama karatasi ya stempu, kikivutwa chachanika pale pale kwenye mstari. Shona tisa au kumi kwa inchi, hata kufumua inakuwa rahisi.

FundiUshonaji_Likoni
Mimi nilishaona ikikata, suruali ya khaki kwenye makalio, uzi mzima na kitambaa kimeliwa pande zote mbili. Tusibishane.

FundiKisauni
Sasa niambieni kola. Bila kile kitambaa cha gundi kola yalala kama sikio la mbuzi.

MzeeWaSuti
Binti, zamani hicho cha gundi hakikuwepo na kola zilisimama. Waweka marekani katikati, ile pamba mbichi isiyopaushwa, waishona na kipande cha juu cha kola kwa mstari mmoja pembeni, ndani ya ile nafasi ya mshono, ukigeuza haionekani. Gundi ya kile cha kisasa ni plastiki, na kwa maji moto na presi baada ya muda yaachia sehemu sehemu, waona kola ina malengelenge. Hapo huna dawa, huwezi kuing'oa ikatoka safi na huwezi kuirudisha.

Lakini marekani usiikate kabla hujaifua! Mbichi yasinyaa. Kata mraba wa sentimita hamsini kwa hamsini, chora alama kwa kalamu, fua maji moto kama ya dobi lao mara mbili, anika, piga pasi, pima tena. Ikiwa hamsini imekuwa arubaini na nane ni asilimia nne. Kola ya sentimita arubaini, asilimia nne ni sentimita moja na nusu na kitu. Hebu fikiri, kitambaa cha nje kimebaki arubaini, cha ndani kimevuta sentimita moja na nusu, kola yote yajikunyata. Kwa hiyo fua jora zima la marekani kwanza, na kitambaa cha shati pia, kisha ndio ukate.

Na ukitaka kola ya kugeuzwa, sikiliza vizuri. Kola huchakaa pale inapokunjika shingoni, upande mmoja tu. Upande wa chini uko mpya. Fundi afumua pale kola inapoingia kwenye mkanda wake, aitoa kola nzima bila kuigusa yenyewe, aigeuza chini juu, airudisha palepale. Shati lina kola mpya. Ili iwezekane, wewe leo vipande vyote viwili vya kola vikate kwa kitambaa kilekile na mwelekeo uleule wa nyuzi, usikibane cha chini kiwe kidogo sana kama wanavyofanya mashati ya bei, na weka alama ya katikati, kanotchi kadogo, kwenye kola na kwenye mkanda ili anayerudisha asipime upya. Mstari wa juu ya kola uwe mzuri pande zote mbili kwa kuwa wa chini utakuja kuwa wa juu.

KijanaWaChangamwe
Mzee hapo umenena. Na hapo ndipo ule mshono wa mnyororo haufai, manake chini una vitanzi.

FundiKisauni
Mshono wa mnyororo ndio upi?

KijanaWaChangamwe
Ule wa gunia la unga au la sukari dada. Ukipata ncha sahihi wavuta, wafunguka wote prrrr mpaka mwisho. Ukipata ncha ya upande mwingine wahangaika na kisu. Ndio mshono mzuri kabisa wa kitu utakachotaka kitoke, lakini ubaya wake ni huohuo, ukikatika katikati kwa bahati mbaya nao waanza kufunguka wenyewe. Kwa hiyo hauwekwi kwapani. Wawekwa mahali pasipovutwa, na ile ncha ya kuanzia yafungwa vizuri ikafichwa ndani ya pindo.

Charahani ya nyumbani haiushoni huo. Lakini kuna ujanja wa mshono wa kawaida. Legeza uzi wa juu, refusha mshono mpaka milimita nne. Ule uzi wa bobini walala umenyooka kama kamba chini, ukiushika ncha ukauvuta watoka mzima, na wa juu waanguka wenyewe. Tumia hapo kwa lebo, kwa mfuko wa kalamu, kwa zipu kama ni suruali. Weka bobini rangi tofauti kidogo, anayekuja kufumua miaka ijayo ajue ni uzi gani wa kuvuta bila kuuliza mtu. Sehemu ya kubeba mzigo usifanye hivyo.

FundiUshonaji_Likoni
Na kufumua mshono wa kawaida msikimbilie wembe mkavuta. Kata uzi wa upande mmoja kila mshono wa nne au wa tano, geuza nguo, vuta uzi wa upande wa pili. Watoka bila kutoboa. Wengi wapitisha wembe katikati ya vitambaa viwili halafu ndio wapata kazi ya kiraka.

ShostiWaBuibui
Jamani samahani nimeingilia lakini hii yangu yafanana. Mimi nashona buibui Majengo, za mawe ya kubandika kwa gundi. Wateja wanarudi mawe yamedondoka baada ya kufua, wengine wataka mkono ubadilishwe fasheni, na nikiyabandua mawe kitambaa kimebaki na madoa ya gundi. Kwani lazima niende pamba? Buibui ya pamba nani atavaa, yakunjamana na yapauka.

MamaLineni
Mwanangu si lazima pamba. Nyuzi moja ni nyuzi moja, hata polista. Buibui yako karibu yote ni polista, basi uzi uwe polista, lebo polista, na hapo wewe uko mbele ya FundiKisauni kwa kuwa uzi wa polista ndio unao tayari. Shida yako ni mawe tu. Usiyabandike kwenye buibui. Yabandike au yashone kwenye ukanda wa kitambaa hichohicho, upana wa mkono, halafu ukanda ndio uushone kwenye buibui kwa mshono mrefu wa kufumulika aliosema huyu kijana, au kwa vifungo vya kubana vya ndani. Siku ya kufua watoa. Fasheni ikibadilika wauza ukanda mpya.

ShostiWaBuibui
Eh! Na ukanda mpya ni pesa tena kwangu. Hilo nalichukua. Lakini vifungo vya kubana si ni chuma, vitaniachia kutu? Sisi hapa hewa ni ya chumvi.

MamaLineni
Vya shaba havishiki kutu kama vya chuma, jaribu kwa sumaku, ikishika viwache. Havitoki lakini, vimepigwa nyundo vikabana kitambaa, kwa hiyo viweke kwenye ukanda na kwenye kipande cha ziada ndani, sio kwenye buibui yenyewe moja kwa moja.

FundiKisauni
Turudi kwangu jamani kabla hatujafika mbali, vifungo. NyuziAsilia alisema kifuu.

MamaLineni
Kifuu ni kizuri kwa macho lakini si kwa dobi la hoteli. Maji moto kila mara yanakipausha, chapata nyufa, na kile cha rangi nyeusi chaweza kuacha rangi kwenye shati jeupe. Hata vya plastiki presi yavivunja, mimi nilikuwa na kopo la vifungo vilivyopasuka, kila Ijumaa kuna mtu wa kazi ya kushona vifungo peke yake. Kwa hiyo dawa ni vifungo visiende dobi kabisa. Mavazi ya wapishi wa hoteli kubwa yana vile vifungo vya kupenyeza kutoka ndani, vya mpira, wavitoa vyote kabla ya kufua. Hata zile sare za maaskari za vifungo vya shaba, kwa nyuma kuna kapete kanashikilia, kakitoka kifungo kiko mkononi wapolisha.

Kwa shati jepesi vya mpishi ni vikubwa mno. Fanya ukanda. Chukua utepe wa pamba upana wa sentimita mbili, ushonee vifungo vyote sita kwa nafasi sawa na ya shati. Shati lenyewe lisiwe na kifungo hata kimoja, pande zote mbili za mbele ziwe na matundu. Ukanda walala ndani, vifungo vyapenya tundu la chini vinakaa hapo, kisha wafunga tundu la juu kama kawaida. Mtu akivaa huoni tofauti yoyote.

MzeeWaSuti
Hii kweli. Ila shingo ya kifungo, ule uzi wa chini yake, uwe mrefu kuliko kawaida, kifungo chapita vitambaa viwili sasa. Weka kijiti cha kiberiti juu ya kifungo unaposhona, kitoe, zungusha uzi chini yake mara kadhaa. Ukisahau hilo shati lafungwa likibana kama limeshonwa kwa hasira.

FundiKisauni
Matundu ya chini na ya juu yawe sawa?

MamaLineni
La. Kifungo cha milimita kumi na moja chenye unene wa tatu, tundu la juu ni kumi na nne. La chini lifanye kumi na mbili, kiingie kwa kusukumwa, ama sivyo ukanda wazunguka humo ndani na vifungo vyatoka vyenyewe mtu ameshika trei. Na utepe nao ufuliwe kwanza! Vifungo sita vina nafasi tano, za sentimita tisa ni arubaini na tano. Utepe ukisinyaa asilimia tatu tu umepungua sentimita moja na zaidi, sehemu ya mbele ya shati yote yafanya matuta.

NyuziAsilia
Hapo sawa, sasa vifungo vikiwa havipo kwenye nguo siwezi kulalamika. Ila uzi bado nasema pamba.

BizneziKwanza
Nimesoma yote kimya. Swali langu ni nani analipa. Matundu kumi na mawili badala ya sita, kola ya kushonewa marekani badala ya kupigwa pasi sekunde kumi, kufua jora zima kabla ya kukata, utepe wa ziada. Mimi nashona yunifomu za shule na hoteli, mteja akisikia shati limepanda bei hata mia mbili anahamia kwa mwingine. Na hizo kanda, nani atazihesabu? Zitapotea chumba cha nguo mpaka siku moja wahudumu hawana vifungo.

MamaLineni
Kanda zapotea, hilo ni kweli, nilishaona na za wapishi. Tulizipa kila mtu zake akisaini, akipoteza anakatwa. Haikupendwa.

BizneziKwanza
Mmeona.

FundiKisauni
Bei nimeongea na yule dada, amekubali shati lipande, kwa sharti kwamba ukarabati wa kola uwe bei imeandikwa kwenye mkataba, mimi ndiye nitakayegeuza. Nikifanya mashati sitini vizuri nina kazi ya kugeuza kola mwakani. Kama hakubali kulipia matundu ya ziada basi nitafanya ukanda kwa nusu tu, tuone dobi lasemaje.

Na nimeshapata kitambaa kingine, nyuzi za pande zote mbili zimekuwa jivu laini na zikilowa hazikatiki ovyo. Mraba wangu wa hamsini umekuwa arubaini na nane na nusu kwa urefu na arubaini na tisa kwa upana, kwa hiyo hata chenyewe kinasinyaa, kimeenda kufuliwa chote kabla ya kukatwa. Shati la sampuli nimelishona kwa pamba, mishono tisa kwa inchi, isipokuwa kwapani na mabegani nimepita mara mbili na kukunja mshono ndani badala ya ovaloki, manake ovaloki yala uzi mwingi na haifumuliki kwa raha.

KijanaWaChangamwe
Safi. Uzi wa pamba usiukaze juu kama wa polista, utakatika sindanoni. Na uache nafasi ya mshono pana ubavuni, inchi nzima, wahudumu wananenepa wale.

BeloLaKongowea
Haha ni kweli, mashati ya mitumba yakiwa na nafasi ndani fundi aweza kuyapanua, yale ya ovaloki yamekatwa mpaka mwisho huna pa kushika.

FundiKisauni
Kitu kimoja kimebaki, lebo ya saizi na jina la mfanyakazi. Nikitumia utepe wa pamba na ile kalamu ya kuandikia nguo, jiki si itafuta? Na kutarizi jina ni kazi, tena mtu akiacha kazi jina lafumuliwaje kwa usafi?

MamaLineni
Jina lisitariziwe kwenye shati. Sisi tulitumia namba, si jina, uzi mwekundu kwenye utepe mdogo nyuma ya mkanda wa kola, mishono minne tu ya mkono pembeni. Mtu akiondoka utepe watoka, namba yaenda kwa mwingine. Lakini uzi mwekundu upime kwanza kwenye jiki, kuna unaotoa rangi.

ShostiWaBuibui
FundiKisauni ukimaliza sampuli piga picha ya ndani, upande wa ukanda, wengine tunaelewa kwa kuona.